Amina ya Elfu Tisini na Sita

Mimi ni fundi wa kushona. Nina mashine nne katika chumba kimoja nyuma ya stendi ya basi mjini Kisumu, na kina dada wawili wanaonisaidia, mmoja wa kushona na mwingine wa pasi na vifungo. Nimeshona sare za shule, suti za harusi, mapazia ya hoteli, na kila nguo ambayo mtu huihitaji kesho asubuhi halafu akailipia akikumbuka. Kwa hiyo siwezi kusema nilikuwa mgeni wa kudai. Kitu ambacho sikuwa nimewahi kukifanya ni kulidai kanisa langu mwenyewe.

Oda ilikuja vile oda za kanisa zinavyokuja, yaani mlangoni baada ya ibada, watu wakisukumana kutoka. Kiongozi wa kwaya alinishika mkono akaniambia kamati imekubali. Majoho thelathini na mawili, rangi ya zambarau, yenye skafu za dhahabu shingoni, na lazima yawe tayari kabla ya ziara ya askofu. Tulipatana elfu nne na mia tano kwa joho moja. Wakatoa elfu arobaini na nane za kuanzia. Fundi mwenye akili angeomba barua ya oda yenye sahihi na muhuri wa kamati. Mimi niliona aibu. Nilijiuliza nitaanzaje kuwaomba watu muhuri wakati tumesali pamoja tangu watoto wangu wakiwa wachanga, na mke wangu anaimba katika kwaya hiyohiyo.

Kitambaa nilikichukua kwa mkopo. Hapa lazima nieleze, kwa sababu hapa ndipo roho yangu ilipokuwa. Kuna mama mmoja mwenye duka la vitambaa mjini, mtu wa Nyeri, aliyekuja Kisumu na mumewe zamani. Mume alifariki, yeye akabaki na duka. Nilipoanza kazi na mashine moja ya kukanyaga, yeye ndiye aliyenikatia kitambaa bila kuona pesa, akaniandika kwenye daftari lake jeusi. Kwa miaka kumi na mitano nimechukua kwake, nikauza, nikalipa. Shule haikupi pesa yote mbele, wala hoteli haikupi. Fundi asiyekopeshwa kitambaa anabaki kushona viraka na kupunguza suruali. Daftari la yule mama ndilo lililonifanya niitwe fundi wa oda kubwa. Kwa majoho haya nilibaki nikidaiwa naye elfu hamsini na nane, nami nikamwahidi kwamba kanisa likilipa tu, siku hiyohiyo nitakuwa mbele ya kaunta yake.

Nilipeleka majoho siku ya Alhamisi. Kiongozi wa kwaya aliyahesabu moja moja, akatia sahihi kwenye karatasi ya kupokea mzigo. Nikatoa ankara kwenye simu kupitia mfumo wa kodi, yenye namba, tarehe, kiasi kilicholipwa na salio la elfu tisini na sita, la kulipwa ndani ya siku kumi na nne. Nikaituma kwa mweka hazina. Huyu ni mzee mstaafu, alikuwa mwalimu mkuu, anaishi Milimani kwenye uwanja mpana wenye miti, na kanisa zima tunamwita Mwalimu. Askofu akaja, kwaya ikaimba, watu wakaniambia hongera. Hata askofu mwenyewe aliuliza nani ameshona. Nilivimba kichwa kwa wiki nzima.

Siku kumi na nne zikaisha bila senti. Siku ya kumi na tano niliandika meseji ya kwanza. Ninayo mpaka leo.

"Bwana asifiwe Mwalimu. Natumaini wewe na familia mmeamka salama na Bwana anaendelea kuwatunza. Samahani kwa kukusumbua, najua una majukumu mengi. Nilitaka tu kukukumbusha kidogo kuhusu ile ankara ya majoho, kama itawezekana. Ubarikiwe sana, na usalimie Mama."

Nikiisoma sasa naona haya. Hakuna kiasi. Hakuna namba ya ankara. Hakuna tarehe. Mtu aliyeandikiwa hivyo anaweza kudhani nimemwandikia kumsalimia mkewe. Jibu lilikuja baada ya saa moja: "Amina Fundi. Tunalishughulikia." Nilifurahi. Nilimwonyesha mke wangu, nikamwambia unaona, watu waungwana huelewana kiungwana.

Wiki ikapita. Nikaandika ya pili, safari hii nikaweka mambo mahali pake. Nilitaja namba ya ankara na salio, nikaambatanisha ankara yenyewe pamoja na picha ya karatasi ya kupokea mzigo, nikauliza malipo yanatarajiwa lini. Salamu nilizipunguza lakini sikuziondoa. Mwalimu alinipigia simu mwenyewe. Alinieleza kwamba hundi ya kanisa inahitaji sahihi tatu, kwamba yake iko tayari na ya mwenyekiti iko tayari, lakini mwenye sahihi ya tatu amekwenda Port Victoria kwa msiba wa shemeji yake. Nani atamkimbiza mtu msibani kwa ajili ya hundi? Nilisema pole. Nilimwambia pia, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba hakuna haraka.

Ilikuwepo haraka. Asubuhi hiyohiyo mama wa vitambaa alikuwa ameniandikia. "Habari ya asubuhi Fundi. Nakukumbusha tu ile balance. Siku njema." Na mimi, nikiwa bado na sauti ya Mwalimu sikioni, nilimjibu vizuri, kwa heshima zote. Nilimwambia asijali, tunalishughulikia. Niliandika hivyo kabisa, "tunalishughulikia", kana kwamba nami nina kamati.

Siku kumi baadaye aliniandikia tena: "Fundi, naomba unipe siku, si maneno. Mimi pia niko na watu wananingoja Nairobi." Niliisoma mara mbili. Iliniuma, lakini pia niliona ni sentensi nzuri, fupi, haina matusi. Nikamjibu kwamba wiki ijayo haitapita. Kisha nikaichukua sentensi yake, nikaifanya yangu, nikamtumia Mwalimu. Hiyo ndiyo ya tatu.

"Bwana asifiwe Mwalimu. Ankara ya majoho sasa imepitisha siku yake kwa wiki mbili na nusu. Salio ni shilingi 96,000. Naomba unipe siku, si maneno. Mimi pia nina watu wanaoningoja."

Mke wangu aliniuliza kama nimemwandikia mzee wa kanisa maneno hayo kweli, nikamwambia ndiyo, na kwamba bila majoho yangu ambayo hayajalipwa angeimba uchi. Hakunisemesha siku mbili. Haki yake.

Jibu la Mwalimu lilikuja Jumamosi. Wanaokaa makanisani wanajua meseji za Jumamosi. Zinatoka kwa mchungaji, kwa mwenyekiti wa kina mama, kwa shangazi aliye Nakuru, ndefu, zimejaa baraka, ua juu na ua chini, na mtu akizipokea anafanya kitu kimoja tu, anaandika "Amina" na kurudi kwenye kazi yake. Mimi huandika Amina kumi kwa Jumamosi moja. Siku hiyo nilikuwa na nguo za wasimamizi sita wa harusi, bibi harusi mwenyewe amekaa kwenye benchi akihesabu dakika, na pasi ikiwa moto. Simu ikalia. Niliona jina la Mwalimu, nikafungua, nikaona Bwana ni mwema, Bwana ameona kazi ya mikono yako, Bwana hatasahau. Nilidhani hundi imetoka na mzee ananibariki. Nikaandika "Amina", nikaongeza "Mwalimu", nikaiweka simu mezani.

Sikusoma mpaka chini. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni kwamba hakuna anayesoma mpaka chini. Hata Mwalimu anajua hilo.

Harusi ikapita, Jumapili ikapita, wiki ikaanza. Jumatano nikaandika ya nne, mistari miwili tu, kwamba bado nangoja tarehe. Alama zilionyesha ameisoma. Hakujibu. Mama wa vitambaa naye alinipigia simu mara mbili, sikushika. Nilikuwa naiangalia simu ikilia hadi inanyamaza, kisha namwandikia kwamba nilikuwa kwa mteja.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya ahadi za paa. Kanisa letu lilikuwa linabadilisha mabati, na kila familia ilitakiwa iahidi kiasi, ahadi zisomwe mbele, watu wapige makofi. Mimi sikuwa nimeahidi. Nilikuwa nimekaa katikati nikiomba wasiniite. Mwalimu alisimama na karatasi yake, akavaa miwani, akasoma. Elfu mbili. Elfu tano. Familia fulani mifuko ya saruji. Kisha akatua, akatabasamu, akasema kuna ndugu yetu mmoja ambaye Bwana amemgusa kwa namna ya pekee. Akasema fundi wetu, aliyeivika kwaya, ametoa salio lake lote la majoho, shilingi elfu tisini na sita, liwe ahadi yake kwa paa.

Makofi yalikuwa makubwa kuliko yale ya askofu. Kina mama walipiga vigelegele. Nilitazama mbele, nikamwona mke wangu amesimama kwenye kwaya, ndani ya joho la zambarau ambalo sijalipwa, akipiga makofi huku ananiangalia kwa macho ambayo hajaniangalia nayo tangu tuoane. Alikuwa anajivunia mimi. Mwalimu alisema ndugu yetu asimame tumwone.

Nilisimama. Hilo ndilo nisilojisamehe. Ningeweza kubaki nimekaa, ningeweza kusema neno moja tu, na miguu yangu ikanisimamisha. Nikainua mkono, nikawapungia watu.

Nje, nikiwa nimejiegemeza ukutani, ndipo nilipoisoma ile meseji ya Jumamosi mpaka mwisho. Baada ya baraka mistari minane ilikuwepo sentensi moja: kamati imependekeza kwamba salio la majoho lihesabiwe kuwa mchango wako wa paa, kama Bwana atakuongoza kukubali. Kisha baraka mistari minne zaidi. Na chini yake, neno langu.

Nyumbani mke wangu aliuliza kwa nini sikumwambia. Nilipomweleza, uso ulimshuka. Nilidhani atawakasirikia. Alinikasirikia mimi.

"Sasa utarudi kuwaambia nini?" aliuliza. "Baba, umepigiwa makofi. Ulisimama. Watu walikuona."

Nilimwambia yule mama wa Nyeri hakupiga makofi.

Siku iliyofuata nilikwenda Milimani. Mwalimu alinipokea barazani, akaniletea chai ya maziwa na mkate, akaniuliza habari za nyumbani kwetu Pap Onditi, kama mvua imenyesha. Nilimjibu habari za mvua. Ni vigumu sana kumdai mtu ambaye anakumiminia chai, na nadhani ndiyo maana chai humiminwa. Hatimaye nikasema sikutoa ahadi yoyote.

Alichukua simu yake, akaitafuta ile meseji kwa kidole, akanisogezea.

"Fundi, wewe ni mtu yetu. Mimi siwezi kula jasho yako," alisema. "Lakini nilikuuliza na ukanijibu. Hii Amina ni ya nani?"

Nilisema Amina ilikuwa ya salamu. Sikuwa nimesoma chini.

"Omera, ndugu yangu, sasa kamati watasema nini? Tumeshaandika kwa minutes. Ile pesa ya majoho tumelipa nayo mtu wa mabati."

Sikumwona kama mwizi, na hata leo simwoni hivyo. Alikuwa mzee mwenye paa linalovuja na hundi ya sahihi tatu, na mbele yake fundi aliyemwambia hakuna haraka. Akaniambia iko njia moja. Niandike barua ya kuondoa ahadi yangu, naye ataipeleka kwenye kamati. Ila, akasema kwa upole, ahadi ikisomwa mbele ya kanisa huondolewa mbele ya kanisa. Ndiyo desturi. Aliniuliza kama nitaongezewa chai.

Niliporudi kazini nilikuta meseji ya mama wa vitambaa. Wauzaji wake wa Nairobi walikuwa wamemzuilia mzigo kwa sababu yangu na ya wengine kama mimi. "Fundi, Ijumaa ndiyo mwisho. Baada ya hapo sitakuandikia tena." Haikuwa na habari ya asubuhi wala siku njema.

Ningeweza kumwandikia ukweli. Ungekuwa ukweli wa sentensi mbili: kanisa limegeuza deni langu kuwa sadaka, nitalidai upya, sijui nitalipwa lini. Angekasirika, angenitukana kwa Kikuyu kama alivyozoea kumtukana mchukuzi wa mizigo, kisha labda angecheka. Ni mtu wa kanisa pia, anajua mambo ya paa. Lakini niliona aibu kuwa mjinga machoni pa mtu aliyeniamini miaka kumi na mitano. Nikamjibu: "Usijali Mama, Ijumaa nitakuwa nayo." Nilijua sitakuwa nayo.

Kisha nikatoka nikaenda mahakamani, kwenye ofisi ya madai madogo. Karani, kijana mstaarabu, alinieleza kwamba kwa kiasi changu sihitaji wakili. Nitahitaji ankara, karatasi ya kupokea mzigo, na uthibitisho kwamba nilidai kwa maandishi kabla sijashtaki. Akaongeza kwamba kanisa ni chama kilichosajiliwa, kwa hiyo sitashtaki jengo. Nitawashtaki viongozi wake kwa majina, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Nilirudi nikilitafakari jina la Mwalimu kwenye fomu ya mahakama, na chai yake bado tumboni mwangu.

Meseji ya tano niliiandika mara saba. Mara ya kwanza ilikuwa matusi matupu. Mara ya pili ilikuwa maombi. Ya saba ndiyo niliyoituma, Jumatatu hiyo alasiri, kwa Mwalimu, na nakala kwa mchungaji na mwenyekiti wa kamati. Haikuwa na Bwana asifiwe.

"Mweka Hazina. Tarehe iliyo kwenye ankara hii niliwakabidhi majoho 32, yakapokelewa kwa sahihi. Mmelipa 48,000. Mnadaiwa 96,000, ambazo zimechelewa kwa zaidi ya wiki nne. Sikuahidi fedha hizi kwa paa. Neno nililojibu Jumamosi nilijibu bila kusoma pendekezo lenu, na kama kuna ahadi iliyoandikwa kwa jina langu, naiondoa kwa ujumbe huu, na mnaweza kuusoma mbele ya kanisa. Nawapa siku saba kulipa. Msipolipa, nitafungua madai katika mahakama ya madai madogo dhidi ya viongozi waliosajiliwa. Ankara na karatasi ya kupokea mzigo nimeambatanisha."

Mke wangu aliisoma kabla haijaenda. Aliniomba nitoe neno mahakama. Nikamwambia bila neno hilo ni barua ya salamu kama zile nyingine. Alininyang'anya simu, akakaa nayo, nikadhani ataifuta. Akaibonyeza yeye mwenyewe kuituma, akanirudishia, akaenda kuanua nguo. Sikumshukuru. Hatukuwa katika hali ya kushukuriana.

Hakuna aliyejibu, hata mmoja. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, simu ilikuwa kimya upande wa kanisa, na hata zile baraka zilikoma. Ijumaa ikafika. Niliamka nikajiambia nitakwenda dukani kwa miguu yangu, nikasimame mbele ya mama, nikamweleze. Nilifika mpaka kona ya mtaa wake. Nilimwona kwa mbali akipimia mtu kitambaa kwenye kaunta, mkono wake ukienda na kurudi kwenye rula ya mbao. Nikageuka. Nilijiambia Jumatatu siku saba zinaisha, nitakwenda na pesa kamili, pesa huongea vizuri kuliko mimi. Siku nzima nilikaa na simu mbele yangu nikingoja anipigie. Hakupiga.

Jumapili mchungaji alisimama wakati wa matangazo. Alisema kwamba ahadi ya fundi imeondolewa kwa ombi lake mwenyewe, na kwamba pengo hilo linahitaji watu wenye moyo wa kulijaza. Hakusema neno baya. Hakuhitaji. Vichwa viligeuka taratibu, safu baada ya safu. Mwanamume mmoja pale pale aliahidi elfu kumi, mwingine tano, na kila makofi yaliyopigwa niliyasikia mgongoni. Mke wangu aliimba wimbo wote wa sadaka akiwa ametazama madirisha.

Jumatatu asubuhi benki ilinitumia ujumbe. Elfu tisini na sita, kamili, haikupungua senti. Mahali pa maelezo waliandika neno moja, "Majoho". Niliuangalia ujumbe ule nikitarajia kufurahi. Nilihisi hasira tu, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Siku zote zile hundi ilikuwa na sahihi tatu na msiba wa Port Victoria, halafu pesa ikaja yenyewe kabla ya saa nne asubuhi.

Nilikwenda benki, nikatoa, nikaenda moja kwa moja dukani. Mama wa vitambaa alikuwa peke yake, amevaa sweta yake ya kijivu. Alinisalimia kama kawaida. Niliweka elfu hamsini na nane juu ya kaunta, akazihesabu mara mbili, akafungua daftari, akapiga mstari, akaniandikia risiti. Alisema asante. Nilingoja aniulize kuhusu Ijumaa. Hakuniuliza. Nikajiambia yameisha.

Nikamwambia nimepata oda ya sare za shule moja ya Nyakach, nahitaji mita sitini za kitambaa cha kijani, aniandike.

Alichukua roli ya kijani, akaiweka juu ya kaunta, akashika mkasi. Hakukata.

"Weka pesa, Fundi, nikate," alisema.

Nilidhani anatania. Nikamwambia Mama, si nimekulipa sasa hivi, yote. Nikaanza kumweleza habari ya kanisa, ya paa, ya Jumamosi na Amina, mambo yote niliyopaswa kumweleza wiki moja kabla. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Aliponiona nimemaliza alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa ya kweli.

"Kanisa wamekukosea," alisema. "Hiyo ungeniambia, ningengoja hata mwezi. Lakini mimi nilikuandikia mara tatu, Fundi, na mara tatu ulinijibu vizuri sana. Sasa wewe ukinijibu vizuri, mimi nitajuaje?"

Nilihesabu pesa iliyobaki mfukoni. Ilitosha mita sitini, ila kodi ya chumba na mshahara wa kina dada wawili vingebaki hewani. Nikamwambia akate ishirini.